Upotevu wa tarakimu katika lahajedwali

Kasoro inayotokea pale programu kama Excel inapofungua faili la CSV na kuichukulia namba ya utambulisho kuwa kiasi cha kuhesabiwa. Namba ya NIDA ya Tanzania, yenye tarakimu 20, ni mfano mzuri. Ikiandikwa bila vistari, 19900412345678901234, seli huonyesha 1.99004E+19. Mwonekano huo si tatizo kubwa. Ubaya ni kwamba Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za mwanzo na kugeuza zilizobaki kuwa sifuri: 19900412345678900000. Watu wawili wanaotofautiana katika tarakimu tano za mwisho tu huwa mtu mmoja.

Namba ya simu 0712… hupoteza sifuri ya mwanzo, lakini hiyo hurejeshwa kirahisi kwa kuwa urefu wake unajulikana:

```
=TEXT(A2,"0000000000")
```

Namba ya NIDA haina dawa hiyo. Kubadili seli kuwa `Text` baadaye hakurudishi kitu, na kuhifadhi CSV hiyo huharibu hata faili la asili. Usilifungue kwa kulibofya; liingize kupitia `Data > From Text/CSV`, bonyeza `Transform Data`, kisha ipe safu hiyo aina ya `Text`, na ukiulizwa chagua `Replace current`, kabla ya kupakia.