Umethibitisha simu YouTube: utajuaje kama video ndefu na matangazo ya mubashara yamefunguliwa?

Chaneli mpya ya YouTube huanza na mipaka. Video inayozidi dakika 15 haipokelewi, na huwezi kurusha matangazo ya mubashara. Njia ya kuondoa mipaka hiyo ni kuthibitisha namba ya simu kupitia youtube.com/verify. Unachagua nchi, unaandika namba, kisha unatumiwa tarakimu za siri kwa ujumbe mfupi au unapigiwa simu na kusomewa. Hapo ndipo wasikilizaji wengi wanapotuuliza: nimeshaweka zile tarakimu, mbona sioni mabadiliko?

Jibu usilitafute kwa kubahatisha, kwani kupandisha video ya dakika 40 ili ujaribu tu ni kuteketeza bando. Fungua kivinjari cha simu yako, kwa mfano Chrome, uende studio.youtube.com. Simu ikikurusha kwenye programu ya YouTube, rudi kwenye kivinjari, gusa vidoti vitatu vya juu na uchague "Desktop site". Maandishi yatakuwa madogo, lakini yatatosha. Gusa "Settings", kisha "Channel", kisha "Feature eligibility". Utaona mafungu matatu, na lako ni la katikati, "Intermediate features". Likiwa limeandikwa "Enabled", uthibitisho umepokelewa. Likiwa limeandikwa "Eligible", maana yake unastahili, ila bado hujathibitisha.

Kama una hakika uliweka tarakimu sawasawa na bado unaona "Eligible", tazama picha ya akaunti iliyo juu kulia. Mara nyingi mtu ana akaunti mbili kwenye simu moja, ya kwake na ya kikundi, na amethibitisha ile isiyo na video. Badilisha akaunti, urudie. Kumbuka pia kwamba namba moja inathibitisha chaneli zisizozidi mbili kwa mwaka. Ndiyo maana namba ya fundi simu aliyekwisha kusaidia nusu ya kijiji huenda ikakataliwa.

Kwa video ndefu, hakuna kusubiri. Ukishaona "Enabled", unaweza kupandisha video ya hadi saa 12. Lakini ile iliyokataliwa jana kwa urefu wake haijirudishi yenyewe. Itakubidi uipandishe upya.

Matangazo ya mubashara ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanapokwama. Kuthibitisha simu kunakupa ruhusa ya kuomba tu. Kuwashwa kwenyewe, kwa mara ya kwanza, kunaweza kuchukua hadi saa 24, na ombi unaliweka mwenyewe: fungua programu ya YouTube, gusa alama ya kujumlisha, kisha "Go live".

Tuchukue mfano wa kwaya inayotaka kurusha ibada ya Jumapili saa 3 asubuhi. Katibu anathibitisha namba Ijumaa saa 2 usiku, anaona "Enabled", anakwenda kulala akidhani saa zimeshaanza kuhesabika. Anagusa "Go live" kwa mara ya kwanza Jumamosi saa 4 usiku, ndipo anaambiwa asubiri. Saa 24 zikitimia itakuwa Jumapili saa 4 usiku, watu wameshakula chakula cha jioni. Angegusa palepale Ijumaa, hata subira ndefu kabisa ingeisha Jumamosi saa 2 usiku. Wakati mwingine hufunguka mapema zaidi, ila usipange ibada kwa kutegemea hilo. Ikishawashwa, safari zinazofuata hakuna kusubiri tena.

Kuna kizuizi kingine ambacho uthibitisho hauondoi. Kurusha mubashara kwa simu kunahitaji chaneli iwe na wafuatiliaji angalau 50. Kwa hiyo kwaya yenye wafuatiliaji 38 inaweza kuona "Enabled", ikasubiri siku nzima, na bado simu ikaikatalia. Haina haja ya kuthibitisha upya. Ama itafute hao 12 waliobaki, ama iazime kompyuta yenye kamera, kwa kuwa sharti hilo la 50 linahusu simu peke yake.

Saa 24 zikipita, funga programu kabisa, hakikisha ni toleo jipya, ufungue tena na uguse "Go live". Ikigoma ilhali wafuatiliaji wanatosha, rudi kwenye Studio uone kama chaneli ina onyo. Chaneli iliyopewa adhabu kwa kuvunja kanuni inaweza kufungiwa matangazo ya mubashara hata kama simu imethibitishwa.

Na zile tarakimu za uthibitisho ni zako peke yako. Anayekupigia akitaka umsomee ili "akuharakishie" anataka akaunti yako.