Kunakili Hati za Kiswahili zenye Maneno ya Kiarabu

Barua nyingi za kale za pwani yetu, ambazo wazee walipelekeana toka Lamu hata Kilwa, ni za Kiswahili, walakini herufi zake ni za Kiarabu. Tena si Kiswahili kitupu. Mwandishi huanza kwa Kiarabu, kumwita mwenziwe kwa heshima. Kisha husema haja yake kwa Kiswahili. Hata mwisho hurudi kwenye Kiarabu kuandika tarehe. Yeye mwenyewe hakuona taabu yo yote katika kuzichanganya lugha hizi mbili, maana kalamu yake ilikwenda njia moja, toka kulia kwenda kushoto, lugha ibadilike isibadilike.

Taabu ilizaliwa Kiswahili kilipovikwa herufi za Kirumi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaandika Kiswahili kwa herufi hizo. Steere akatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Na mwaka 1892 Büttner, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili katika mji wa Berlini, alichapisha barua na hati za Waswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akaziandika upya kwa herufi za Kirumi ili wanafunzi wake wazisome. Tangu hapo kila mtu anakilie hati kama hizo hukutana na jambo moja: Kiswahili chake sasa chatoka kushoto kwenda kulia, na maneno ya Kiarabu, akiyaacha katika herufi zake, bado yatoka kulia kwenda kushoto. Watu wawili wanakutana katika njia nyembamba, na lazima mmoja ajue mahali pa kumpisha mwenziwe.

Tutaonyesha kwa mfano. Hatutatumia barua ya mtu, bali tumejitungia moja kwa desturi ya barua hizo. Mstari wa kwanza una maneno manne ya Kiarabu: *ila janabi sheikh al-muhibb*, yaani, kwa jenabi shehe mpenzi. Katikati pana Kiswahili: waraka wako umewasili, na pembe ulizoagiza zi tayari. Mwisho pana Kiarabu tena: tarehe 5 Rajabu, mwaka 1308.

Kazi ya kwanza, kabla ya kushika kalamu, ni kupambanua lipi ni Kiarabu na lipi ni Kiswahili. Usidhani ni rahisi, kwa kuwa herufi ni zile zile. Neno *waraka* asili yake ni Kiarabu, na *umewasili* vivyo hivyo. Je, tuyaache katika herufi za Kiarabu? La. Neno likiisha kupokea viambishi vya Kiswahili, au kufuatana na maneno ya Kiswahili kwa upatanisho wake, limekwisha kuwa mwana wa nyumbani, nalo huandikwa kwa herufi za Kirumi pamoja na ndugu zake. Hapa twasoma “waraka wako”, si neno la Kiarabu lenye kiungo cha Kiarabu mwishoni. Lakini *al-muhibb* lina *al* yake, na limefungamana na maneno yaliyotangulia kwa sheria ya Kiarabu; hilo ni mgeni, na liachwe katika vazi lake.

Alama nyingine ni irabu. Kiswahili hakisomeki vema bila irabu juu na chini ya herufi, kwa hiyo waandishi wengi waliziweka. Kiarabu cha salamu, ambacho kila msomi alikijua kwa moyo, mara nyingi waliiacha bila irabu. Hata hivyo irabu hazimalizi mashaka. Katika maandiko ya kale herufi *ba* ilifanya kazi ya *b*, ya *p*, na hata ya *mb*, kwa sababu Kiarabu hakina *p*, na ile *m* iliyo mbele ya *b* haikuandikwa. Basi “pembe” katika barua yetu laweza kuonekana kama “bebe”. Anakiliye bila kufahamu maana atatafuta neno la Kiarabu mahali pasipo na Kiarabu.

Tukiisha kupambanua, twaandika. Hapa ndipo walipokosa wapiga chapa wengi, na kosa lao tutalieleza kwa taratibu, maana ni gumu kuliona. Tuseme mstari wetu wa Kiswahili umefika karibu na ukingo wa kulia, na nafasi iliyobaki yatosha maneno mawili tu ya Kiarabu. Yaliyo sawa ni haya: *ila* na *janabi* yakae katika mstari wa juu, *ila* likiwa upande wa kulia na *janabi* kushoto kwake, kisha *sheikh* na *al-muhibb* yashuke mstari wa chini, mwanzoni mwake upande wa kushoto, lakini *sheikh* likiwa kulia kwa *al-muhibb*. Msomaji amalizapo ya juu hushuka, akaendelea.

Mpiga chapa asiyejua Kiarabu hafanyi hivyo. Yeye huyapanga maneno yote manne katika mstari mmoja, nayo hutoka sawa: *ila* kulia kabisa, *al-muhibb* kushoto kabisa. Kisha aona nafasi haitoshi. Kama alivyozoea katika Kiswahili, hujaza mstari wa juu kuanzia kushoto, na yanayozidi kulia huyashusha. Basi juu hubaki *al-muhibb* na *sheikh*, na chini huenda *janabi* na *ila*. Kila neno ni zima, kila herufi imeungana vema na jirani yake, wala hapana kilichopotea. Lakini msomaji husoma, “shehe mpenzi, kwa jenabi”. Mkaguzi ahesabuye maneno atayakuta manne, akapitisha.

Na tarehe nayo ina mtego wake. Kiarabu huenda kushoto, lakini tarakimu zake husomwa kama zetu, ile ya elfu ikiwa kushoto. Anayenakili alama moja moja toka kulia bila kunyanyua macho ataandika mwaka 8031, nao bado haujafika. Tena waandishi walipenda kulivuta neno *sana*, yaani mwaka, likawa refu kama mkeka, na tarakimu wakazikalisha juu yake. Anayenakili huzidhania kuwa zimeongezwa baadaye. Kwa kupima, geuza tarehe iwe ya Kizungu. Rajabu ya mwaka 1308 iliangukia Februari na Machi mwaka 1891. Ikiwa barua yasema mambo ya miaka ile, tarakimu umezisoma sawa.

Siku hizi hati hunakiliwa kwa kompyuta, na watu husema taabu imekwisha. Kweli, sehemu yake moja imekwisha. Kompyuta huhifadhi herufi kwa utaratibu wa kusomwa, ile isomwayo kwanza ikiwa ya kwanza, nayo yenyewe huzipanga kulia au kushoto wakati wa kuzionyesha. Kwa hiyo lile kosa la kukata mstari halitokei, maadamu maneno yameandikwa kwa utaratibu wake. Lakini imezaliwa taabu nyingine, na shina lake ni alama zisizo na kabila: mkato, kituo, mabano na nafasi tupu. Herufi ya Kirumi yajulikana iendako, na ya Kiarabu vivyo hivyo. Ila mkato hauna upande wake, hufuata majirani zake.

Turudi kwenye barua yetu. Twaandika neno “Mwanzo”, kisha yale maneno manne ya Kiarabu, kisha mkato, kisha 1308, kisha twaendelea kwa Kiswahili. Mbele ya macho yetu ile 1308 yaruka, ikaenda kukaa kushoto kwa Kiarabu, karibu na neno “Mwanzo”, kana kwamba imeandikwa kabla ya salamu. Kompyuta haikukosa kwa sheria yake: iliona tarakimu zafuata herufi za Kiarabu, ikazihesabu kuwa za Kiarabu, na mkato ulio katikati ukavutwa pamoja nazo. Vivyo hivyo tukiandika salamu na tarehe, zote mbili kwa Kiarabu, na kati yake mkato tu, zitaungana kuwa kipande kimoja. Salamu itakaa kulia na tarehe kushoto, na msomaji wa Kiswahili ataikuta tarehe kwanza.

Dawa yake ni kuyajengea ua maneno ya Kiarabu, ili yaliyomo yapangwe kwa sheria yake na yaliyo nje yasiguswe. Kanuni ya herufi iitwayo Yunikodi ilitoa alama za ua huo mwaka 2013. Alama ya kufungua ua wa kwenda kushoto ni `U+2067`, na ya kufunga ni `U+2069`. Zote mbili hazionekani kwa macho. Katika kurasa za mtandao kazi hiyo hiyo hufanywa hivi:

```
<p>Mwanzo: <bdi lang="ar" dir="rtl">الى جناب الشيخ المحب</bdi>, 1308, kisha habari.</p>
```

Sasa mkato na mwaka viko nje ya ua, navyo hukaa kulia kwa Kiarabu, mahali Kiswahili kinapovitaka. Kituo kilicho cha Kiarabu chenyewe kiwekwe ndani, kabla ya kufunga. Kila kipande cha Kiarabu kiwe na ua wake. Usivitie viwili katika ua mmoja kwa kuwa vimekaribiana. Na kipande kikiwa kirefu kupita mstari mmoja, sisi twaona afadhali kukitoa kabisa katikati ya Kiswahili, kikapewa fungu lake mwenyewe lianzalo ukingo wa kulia.

Jihadhari pia na hati zilizokwisha kunakiliwa na wengine. Wako waliotumia kompyuta zisizojua Kiarabu, wakaandika herufi kinyume, ya mwisho kwanza, ili zionekane sawa katika kioo cha siku zile. Hati kama hiyo ikifunguliwa leo hugeuka: ile *alif* ya *al* yaonekana mwisho wa neno, kushoto, na herufi zilizokuwa mwanzo zimevaa umbo la mwisho. Ukilitafuta neno *sheikh* kwa kompyuta hulipati, ingawa barua imejaa mashehe. Basi usiipambe kwa ua hati ya namna hiyo. Irudishie kwanza utaratibu wake wa kusomwa.

Kwa kukagua, sisi hufanya watu wawili. Mmoja hushika barua ya asili, na mwingine husoma kwa sauti kutoka nakala, Kiarabu na Kiswahili, pamoja na mikato. Kisha twaupunguza upana wa ukurasa katika kompyuta mpaka maneno ya Kiarabu yakatike mistari miwili, tukaangalia kama *ila* limebaki juu.