Tamko la mgongano wa maslahi katika ununuzi wa umma

Tamko la mgongano wa maslahi ni hati anayosaini mtumishi kabla ya kushiriki uamuzi wa ununuzi, akieleza kama yeye au jamaa yake ana faida katika zabuni. Nchini Tanzania, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 iliwataka wajumbe wote wa kamati ya tathmini kulisaini. Sheria hiyo ilifuatwa na ile ya 2023.

Kinachoamua thamani ya tamko ni wakati wa kulisaini. Tuchukue mfano wa kubuni: manispaa kama Temeke inanunua madawati ya shule ya Chamazi. Mhandisi aliyeteuliwa kwenye kamati anasaini kabla zabuni hazijafunguliwa, na anasema kweli kwamba hana maslahi, kwa kuwa bado hajui akina nani wameomba. Zabuni zikifunguliwa, karakana ya shemeji yake wa Mbagala imo. Hapo tamko la kwanza halitoshi tena. Anapaswa kumwandikia afisa masuuli, ambaye humteua mwingine kabla bei hazijalinganishwa. Kukaa kimya kikaoni hakutoshi, kwani uwepo wake tu huwabana wenzake.

Udhaifu mkubwa ni kwamba fomu humtegemea anayeijaza. Mkaguzi hulinganisha tarehe ya saini na ya ufunguzi, kisha hutazama majina ya wakurugenzi na wanahisa yaliyosajiliwa BRELA. Lakini biashara iliyoandikishwa kwa jina la rafiki haitaonekana humo.