Akili unde na tiba: Jinsi ya kusoma takwimu zilizo nyuma ya kichwa cha habari

KATI ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai 2025, habari mbili kuhusu akili unde na matibabu zilienea katika magazeti ya ulimwengu. Ya kwanza ilitoka Marekani, nayo ilisema kwamba mashine ilikuwa imewashinda madaktari mara nne katika kutambua magonjwa. Ya pili ilitoka hapa Nairobi, na ilihusu makosa ya matabibu yaliyopungua kwa asilimia 16. Msomaji aliyesoma vichwa hivyo pekee angedhani kuwa habari kubwa ni ile ya Marekani. Ukweli ni kinyume cha hayo, na sababu yake inafaa kufafanuliwa.

Tuanze na hiyo ya Marekani. Kampuni ya Microsoft ilichukua visa 304 vilivyokuwa vimechapishwa katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, ikavigeuza kuwa mtihani. Mtahiniwa alipewa maelezo machache ya mgonjwa, kisha akatakiwa aulize maswali na kuagiza vipimo hadi afikie jibu. Mfumo wa kampuni hiyo ulipata asilimia 85.5. Madaktari 21 kutoka Marekani na Uingereza walipata wastani wa asilimia 20.

Hapo ndipo yalipotoka yale maneno ‘mara nne’. Lakini madaktari hao walikatazwa kufungua kitabu, kutafuta chochote mtandaoni au kumwuliza mwenzao, mambo ambayo daktari yeyote hufanya akikutana na ugonjwa asioujua. Isitoshe, visa vya jarida hilo huchaguliwa kwa kuwa ni vya ajabu na vigumu. Katika mtihani mzima hakukuwa na mtu mwenye mafua ya kawaida wala mtu aliyeshinda foleni kumbe hana ugonjwa wowote. Wala hakukuwa na mgonjwa aliyesimama mbele ya mashine: kulikuwa na karatasi ambayo tayari jibu lake lilijulikana. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba kazi kubwa bado ilikuwa mbele kabla ya mfumo huo kutumiwa hospitalini. Hilo ni onyesho la maabara, na ni onyesho zuri, ila halimwambii mkazi wa Kangemi au Kawangware chochote kuhusu kliniki atakayompeleka mwanawe mwenye homa.

Habari ya Nairobi ilikuwa ya aina nyingine. Penda Health ni kampuni inayoendesha kliniki za kawaida jijini na viungani mwake, za aina ambayo mgonjwa huonwa na afisa wa kliniki, hulipia dawa na kwenda zake. Ikishirikiana na OpenAI, iliweka ndani ya mfumo wake wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa chombo kilichoitwa AI Consult. Tabibu hakuhitaji kukiuliza lolote. Alipokuwa akiandika historia ya mgonjwa, vipimo, ugonjwa na dawa, chombo kilisoma na kuwasha rangi kama za taa za barabarani. Kijani kilimaanisha hakuna tatizo. Manjano ilikuwa tahadhari ambayo tabibu angeweza kuisoma au kuiacha. Nyekundu ilimlazimu aisome kabla ya kuendelea, ingawa uamuzi ulibaki kuwa wake.

Utafiti ulihusu ziara 39,849 za wagonjwa katika kliniki 15. Baadhi ya matabibu walikuwa na chombo hicho, wengine hawakuwa nacho, kisha madaktari wasiohusika na matibabu hayo wakakagua rekodi za ziara 5,666 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Makosa ya kutambua ugonjwa yalikuwa yamepungua kwa asilimia 16, na ya tiba kwa asilimia 13.

Asilimia 16 ya nini? Swali hili ndilo huwa la kwanza kupotea, kwa kuwa anayeandika kichwa cha habari ana nafasi ya maneno sita au saba tu. Si kwamba katika kila ziara 100 makosa 16 yaliondoka. Ni asilimia 16 ya yale makosa yaliyokuwepo. Watafiti walieleza jambo hilo kwa namna inayofahamika zaidi: kwa wastani, chombo kilihitaji kutumika katika ziara 18 ili kosa moja la utambuzi liepukwe. Hiyo ni kama ziara tano na nusu katika kila 100. Ukipiga hesabu kurudi nyuma utaona kuwa makosa hayo yalishuka kutoka kama 34 hadi 28 au 29 katika ziara 100. Ni hatua kubwa, lakini aliyesoma kichwa cha habari pekee hangejua kwamba yaliyobaki ni mengi kuliko yaliyoondoka.

Kutokana na hesabu hiyohiyo ilizaliwa takwimu nyingine iliyopendwa na wanahabari, kwamba makosa 22,000 ya utambuzi yangeepukwa kwa mwaka. Hayo hayakuhesabiwa popote. Ni ziara zipatazo 400,000 za Penda kwa mwaka zilizogawanywa kwa 18 na ushei. Ni makadirio halali, mradi yaitwe makadirio.

Neno ‘kosa’ nalo linahitaji uangalifu. Wakaguzi walisoma yaliyoandikwa, hawakumwona mgonjwa. Tabibu anayekumbushwa na mashine huandika maelezo kamili zaidi, na maelezo kamili huonekana kuwa na makosa machache hata pale ambapo matibabu yenyewe hayakubadilika. Ni vigumu kujua sehemu gani ya ile asilimia 16 ilitokana na kalamu na sehemu gani ilitokana na tiba.

Jambo lililonivutia kuliko yote halikuingia katika vichwa vingi vya habari. Mwanzoni, chombo kilipokwisha kuwekwa, hakukuwa na tofauti kubwa. Ziara zilizomalizika huku taa ikiwa bado nyekundu, yaani tabibu hakurekebisha kilicholalamikiwa, zilikuwa kati ya asilimia 35 na 40 katika makundi yote mawili (kwa wasio na chombo, taa ilihesabiwa kimyakimya bila wao kuiona). Ndipo Penda ikateua watu wa kuwahimiza wenzao katika kliniki, ikawapa matabibu taarifa za utendaji wao na kurekebisha viwango vya kuwasha taa. Baada ya hapo kundi lenye chombo lilishuka hadi asilimia 20 hivi, huku jingine likibaki kwenye 40. Akili unde iliyo nyuma ya chombo haikuwa imebadilishwa. Laiti utafiti ungekomea katika wiki zile za kwanza, tungesoma kwamba mradi umeshindwa.

Na wagonjwa je? Walipoulizwa baadaye, waliosema hawajapata nafuu walikuwa asilimia 3.8 katika kundi la chombo na asilimia 4.3 katika lile jingine. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba yaweza kuwa ya bahati tu. Watafiti walisema hivyo waziwazi, na wakaongeza kuwa hawakuona kisa ambacho ushauri wa chombo ulimdhuru mgonjwa. Ikumbukwe pia kwamba ripoti hiyo ya Julai 2025 ilitolewa na mwenye chombo pamoja na mwenye kliniki, tena kabla ya kuhakikiwa na jarida la kisayansi. Ndiyo maana shirika la PATH lilianzisha jaribio jingine katika kliniki hizo za Penda, la kupima kinachompata mgonjwa mwenyewe badala ya kinachoandikwa katika rekodi yake.