Mtiririko wa kaboni katika miombo ya Mutshatsha: kupima kwa chemba na kwa mnara

Mtiririko wa kaboni ni kiasi cha kaboni dioksidi kinachopita kati ya ardhi na hewa katika eneo na muda fulani. Huandikwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kwa desturi, namba yenye alama ya kutoa huonyesha kwamba msitu unavuta gesi kutoka hewani, na namba chanya huonyesha kwamba unaitoa. Mbinu kuu za kuupima ni mbili: chemba inayofunikwa juu ya udongo, na mnara unaofuatilia mizunguko ya upepo juu ya miti. Makala hii inazilinganisha kwa macho ya mtu anayetaka kupima miombo ya Mutshatsha, magharibi ya Kolwezi nchini Kongo, kandokando ya reli iendayo Dilolo. Huko msitu, mabonde ya majani yaitwayo dembo, vichuguu na matanuri ya mkaa vimekaa bega kwa bega.

Chemba ni chombo rahisi. Pete ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 20 hivi hudidimizwa sentimita chache ardhini siku kadhaa kabla ya kupima, kwa sababu mizizi iliyokatwa na udongo uliotibuliwa hutoa gesi ya ziada mwanzoni. Siku ya kazi, kifuniko huwekwa juu ya pete na hewa ya ndani huzungushwa kupitia kipima gesi. Kaboni dioksidi inayopumuliwa na mizizi na vijidudu hujikusanya humo, na kasi ya kuongezeka kwake ndiyo inayotafutwa. Hesabu yenyewe ni hii:

```
F = (dC/dt) × (V/A) × P / (R × T)
```

Chukua mfano. Ujazo wa chemba ukigawanywa kwa eneo la pete unatoa mita 0.15. Kipimo kinapanda kwa sehemu 0.5 kwa milioni kila sekunde, na hewa ina joto la nyuzi 25. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 86. Jibu ni takribani mikromoli 2.6, yaani gramu 2.7 za kaboni kwa kila mita ya mraba kwa siku ikiwa kasi hiyo haibadiliki. Anayeacha katika jedwali lake kanieneo ya pwani, kilopaskali 101.3, atapata karibu 3.1. Amezidisha kwa asilimia 18, na hakuna chochote katika mchoro wake kitakachomwonyesha kosa hilo, kwa kuwa mstari utanyooka vilevile. Kosa la aina nyingine hujionyesha lenyewe. Mstari ukiruka juu katika sekunde za kwanza kisha ukapinda, kifuniko kimekandamizwa kwa nguvu au chemba haina tundu la kusawazisha kanieneo.

Mnara hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Juu ya vilele vya miti huwekwa anemomita ya sauti, inayopima upepo katika pande tatu, pamoja na kipima gesi, na vyote husoma mara 10 au 20 kwa sekunde. Mchana, mizunguko inayoshuka huleta hewa yenye kaboni zaidi kidogo, na inayopanda hubeba hewa ambayo majani yameshaipunguzia kaboni. Tofauti ya upepo wa wima na wastani wake huzidishwa kwa tofauti ya gesi na wastani wake, kisha mazao hayo huwekewa wastani wa dakika 30. Matokeo ni salio la msitu wote: usanisinuru ukiwa umeondolewa upumuaji wa majani, mashina, mizizi na udongo.

Mnara wa namna hii ulikuwa ukipima katika Msitu wa Kataba karibu na Mongu, magharibi ya Zambia, mwaka 2007, katika miombo inayoota juu ya mchanga wa Kalahari, zaidi ya kilomita 500 kusini ya Mutshatsha. Kikosi cha akina Werner Kutsch na Lutz Merbold kiliutumia kwa msitu uliohifadhiwa, na kikapima kwa chemba upumuaji wa udongo katika sehemu zilizoharibiwa kwa viwango tofauti. Mgawanyo huo wa kazi ulikuwa sahihi, na ndio ninaoupendekeza kwa Mutshatsha. Ndani ya Kongo yenyewe, mnara wa mita 55 wa Yangambi, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Ghent pamoja na taasisi ya INERA, unapima msitu wa mvua. Matokeo yake hayawezi kuhamishiwa kwenye miombo, ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi.

Sehemu ngumu ni usiku. Hewa ikitulia, mizunguko hufa, na gesi inayotoka udongoni hulala chini ya vilele au huteremka na hewa baridi kuelekea dembo. Mnara hauioni. Hapo chemba inakuwa shahidi: tuseme chemba zinaonyesha wastani wa 2.6 kwa udongo peke yake, na mnara unaonyesha 1.2 kwa udongo, mashina na majani kwa pamoja. Sehemu haiwezi kuzidi jumla, kwa hiyo namba ya mnara ndiyo iliyopungua. Njia ya kulikagua hilo ni kupanga namba za usiku kulingana na kasi ya msuguano wa upepo. Zitapanda kadiri kasi inavyoongezeka, kisha zitatulia. Nusu saa zilizo chini ya kiwango cha kutulia, ambacho mara nyingi huwa kati ya mita 0.1 na 0.3 kwa sekunde, hutupwa, na mapengo hujazwa kwa makadirio ya joto na unyevu. Asiyefanya hivyo ataripoti msitu unaovuta kaboni zaidi kuliko ukweli.

Jambo la pili gumu ni mvua za kwanza za Oktoba. Mwaka 1958, H. F. Birch, aliyefanya utafiti Muguga karibu na Nairobi, alieleza jinsi udongo uliokauka unavyooza mboji yake kwa kasi ukiloweshwa tena. Katika miombo, baada ya miezi mitano ya ukame, upumuaji wa udongo hupanda ghafla ndani ya saa chache, kisha hushuka kwa siku kadhaa. Matone ya mvua hufunika vihisi vya anemomita na vioo vya kipima gesi kilicho wazi, hivyo mnara hupoteza kumbukumbu saa ileile inayohitajika zaidi. Anayezuru chemba zake mara moja kwa mwezi naye ataikosa. Chemba mbili tatu zinazojifungua na kujifunga zenyewe kila nusu saa, zikiwa tayari mwisho wa Septemba, zina faida zaidi kuliko pete 40 zinazotembelewa kwa zamu.

Kuhusu eneo, kanuni ya vitendo ni kwamba mnara huona upande utokako upepo kwa umbali wa karibu mara 100 ya kimo chake juu ya vilele. Kipima kilicho mita 20 juu ya vilele kinahitaji kilomita mbili za msitu wa aina moja. Karibu na barabara za Mutshatsha hilo ni gumu, kwa kuwa viwanja vya wachoma mkaa ni vidogo na vimetawanyika. Mnara utachanganya vyote katika namba moja, na namba hiyo itabadilika upepo ukigeuka hata kama hakuna jani lililobadilika. Chemba inaweza kukaa katikati ya alama nyeusi ya tanuri la zamani, lakini pete ya sentimita 20 haisemi lolote kuhusu kichuguu cha mita tano kilicho hatua kumi kutoka hapo. Vichuguu vipimwe peke yake, kwa chemba zilizobandikwa kwenye kuta zake, na hesabu ipewe uzito kwa eneo vinalofunika. Pete zikitupwa kwa bahati nasibu zitavikwepa karibu vyote.

Na ipo kaboni ambayo mbinu zote mbili hazitaiona kamwe: ile inayoondoka barabarani. Mti uliokatwa, ukachomwa na kusafirishwa Kolwezi kama mkaa hutoa gesi yake jikoni mjini, mbali na pete na mnara. Robo tatu hivi ya uzito wa mkaa ni kaboni, kwa hiyo gunia la kilo 50 linabeba karibu kilo 37. Salio la msitu wa Mutshatsha linahitaji mtu wa tatu, aliyekaa na mizani kwenye kizuizi cha barabarani, akihesabu na kupima magunia yanayopita kwa msimu mzima.