Homa ya ini C: Kipimo cha kwanza chanya, cha pili hakijaona kirusi. Je, unaumwa?

Umechangia damu, ukapigiwa simu kwamba imeonyesha homa ya ini C. Ukapimwa tena hospitali, majibu yanasema kirusi hakijaonekana. Sasa hulali, unajiuliza: ninacho au sina?

Jibu fupi ni kwamba kwa sasa huna. Majibu hayo hayapingani, kwani kila kipimo kinatafuta kitu chake.

Cha kwanza, Anti-HCV, kinatafuta kingamwili, yaani askari wanaotengenezwa na mwili baada ya kukutana na kirusi. Askari hao hubaki kwenye damu miaka mingi hata adui akishaondoka. Cha pili, HCV RNA, kinamtafuta adui mwenyewe.

Imekuwaje?

Huenda uliambukizwa zamani bila kujua, ukapona. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa, 15 hadi 45 hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi 6, bila dawa. Wengine walishatibiwa.

Au kipimo cha kwanza kimekosea. Ukitaka kujua, omba kingamwili zipimwe tena kwa kipimo cha aina nyingine. Kisipoziona, huenda hukuwahi kuambukizwa kabisa.

Soma karatasi vizuri

Maneno unayoyataka ni "Not detected". Ukikuta "<15 IU/mL, detected", hiyo ni habari nyingine: kirusi kimeonekana, ila ni kichache mno kuhesabika. Rudi kwa daktari.

Nani arudie kipimo?

Chukua mfano wa fundi wa miaka 34. Amechangia damu mwezi Machi, na HCV RNA ya Aprili haijaona kirusi. Lakini Januari alichanjwa chale kwa wembe uliotumika kwa wengine. Miezi ya mwanzo ya maambukizi kirusi kinaweza kushuka hadi kisionekane, kisha kikapanda tena. Kwa hiyo yeye anatakiwa kurudia HCV RNA, walau baada ya miezi 6 tangu siku ya chale, yaani Julai.

Rudia pia kama vipimo vingine vinaonyesha ini lina shida. Na kama uko kwenye dawa, kupona huthibitishwa kwa kipimo cha wiki 12 baada ya kumaliza dozi.

Maisha ya nyumbani

Bila kirusi kwenye damu, huna cha kumwambukiza mwenza wala watoto, na huhitaji dawa.

Ila askari hao hawakukingi. Ukitumia tena sindano au wembe wa mtu mwingine, unaweza kuambukizwa upya. Kuchangia damu pia usahau, kwani Anti-HCV itaendelea kusoma chanya.

Ndiyo maana ukipimwa siku nyingine, tunza karatasi hiyo na umwambie daktari mapema: kwako kipimo chenye maana ni HCV RNA.