Hedi (uhandisi wa maji na uchimbaji)

Swali: Kwa nini neno hedi, lililotoka Kiingereza, halina tafsiri moja katika pampu, shinikizo na uchimbaji?

Jibu: Kwa sababu linataja vitu vitatu tofauti.

Kwenye pampu ni *kimo cha kuinua*, yaani jumla ya mita ambazo pampu inapaswa kuzishinda ili kuyapandisha maji. Tuseme pampu imening'inizwa mita 60 ndani ya kisima, lakini wakati wa kusukuma maji yanasimama mita 40 chini ya ardhi. Bomba linamwaga kwenye tangi mita 12 juu ya ardhi, na msuguano bombani unakula mita 3. Kimo ni 40 + 12 + 3, yaani mita 55. Hesabu huanzia usawa wa maji, si mahali pampu ilipo.

Kwenye shinikizo ni *kimo cha kimiminika*: urefu wa safu ya kimiminika inayotoa shinikizo fulani. Mita 55 za maji hutoa takriban baa 5.4; za mafuta ya taa, yaliyo mepesi zaidi, hutoa takriban baa 4.3. Hivyo mita bila jina la kimiminika hazitoshi.

Kwenye uchimbaji ni kifaa. *Kichwa cha mtambo* huzungusha mabomba ya kuchimbia, na *mdomo wa kisima* ni kifungio cha juu kinachoshikilia bomba la ndani. Ukiandika "kichwa cha mita 55", fundi atatafuta kifaa badala ya kuchagua pampu yenye nguvu ya kutosha.